Mpe Mdhamini Wako Nafasi ya Kukataa

“Shikamoo Dokta. Natumai u mzima wa afya na familia haijambo. Samahani sana kwa usumbufu usiku huu. Mimi ni mwanafunzi wako wa zamani. Naomba unisaidie barua ya mapendekezo, natuma maombi ya masta nje. Mwisho ni Jumatatu. Nitashukuru sana, Mungu aibariki kazi ya mikono yako.”

Kuanzia Oktoba hadi Januari, simu za wahadhiri hupokea ujumbe wa namna hii kila wiki. Huu uliingia Alhamisi, tarehe 11 Desemba, saa nne usiku. Adabu imo, dua imo, salamu ya familia imo. Kisichokuwemo ni jina la mtumaji, mwaka aliohitimu, somo alilofundishwa, chuo anachokiomba, barua itakavyofika huko, na kitu ambacho waombaji wengi hawakifikirii kabisa: namna mpokeaji anavyoweza kusema hapana bila kumvunjia mtu heshima.

Ninafundisha haidrolojia, na barua za mapendekezo ni sehemu ya kazi hiyo kama ilivyo kusahihisha mitihani. Sina kinyongo nazo. Barua nzuri hunichukua nusu siku nikiwa na maelezo mkononi. Nisipokuwa nayo, hata wiki nzima haitoshi, kwa sababu siwezi kutunga nisichokikumbuka. Mwanafunzi aliyekaa safu ya nne katika ukumbi uliojaa, miaka mitano iliyopita, kwangu ni sura tu, wakati mwingine hata sura sina. Kumbe yeye ananikumbuka vizuri, maana mwalimu alikuwa mmoja na wao walikuwa wengi. Hapo ndipo ombi linapoharibika: mwombaji huandika akidhani kumbukumbu ni za pande zote mbili.

Nimeuchukua ujumbe ule na kuusuka upya hapa chini. Mtumaji wake nimebadilisha mambo yake ya kumtambulisha, lakini umbo la kisa ni lile lile. Alihitimu mwaka 2021 uhandisi wa rasilimali za maji. Sasa ni mhandisi katika mamlaka ya maji ya mkoa mmoja, na anaomba shahada ya uzamili katika chuo cha mashariki mwa Marekani. Chuo kinataka barua tatu, na mwisho wa kupokea ni tarehe 15 Desemba, saa 23:59 kwa saa za huko.

Jambo la kwanza ni kwamba ombi hili linahitaji kuwa barua mbili, wala si moja. Ya kwanza inauliza tu kama mtu yuko tayari. Ya pili, inayokwenda baada ya kukubaliwa, ndiyo inayobeba maelezo yote. Anayeanza kwa kumtumia mhadhiri wasifu, vyeti na insha ya kurasa tatu amemkabidhi mzigo kabla ya kumuuliza kama ataubeba. Mpokeaji anaona viambatisho sita, anajisemea atavifungua Jumamosi, na Jumamosi ina mazishi na harusi.

Barua ya kwanza ingetumwa Jumatatu, tarehe 3 Novemba, wiki sita kabla ya mwisho. Kichwa chake kwenye barua pepe kingesomeka hivi: “Ombi la barua ya mapendekezo, uzamili wa haidrolojia, mwisho 15 Desemba.” Kichwa “Ombi” peke yake au “Shikamoo Dokta” hakitafutiki baadaye, na mhadhiri atahitaji kukitafuta. Kisha:

“Shikamoo Dokta. Ninaitwa (jina kamili kama lilivyo kwenye cheti). Nilihitimu Uhandisi wa Rasilimali za Maji mwaka 2021. Ulinifundisha Haidrolojia mwaka wa tatu, na ulisimamia mradi wangu wa mwisho kuhusu kina cha maji cha Mto Msimbazi pale Jangwani. Mimi ndiye ambaye ubao wangu wa kupimia ulisombwa na mvua za masika.

Ninaomba shahada ya uzamili ya haidrolojia katika chuo (jina la chuo), Marekani. Wanataka barua tatu. Mbili zitatoka kwa msimamizi wangu kazini na kwa mwalimu wa hisabati. Yako ningependa izungumzie utafiti, kwa kuwa wewe ndiye uliyeniona nikikusanya takwimu na kuzichambua. Barua huwekwa kwenye mfumo wao kupitia kiungo watakachokutumia. Mwisho wao ni 15 Desemba usiku, ambayo kwetu ni 16 Desemba, saa mbili kasoro dakika moja asubuhi. Ningeomba iwe imeingia kufikia Jumatatu, 8 Desemba, kabla ya sikukuu ya Uhuru.

Je, unaona unaifahamu kazi yangu kiasi cha kuandika barua yenye uzito kuhusu utafiti, na muda wako unaruhusu? Kama hauruhusu, au kama unaona kuna anayeifahamu zaidi, neno moja linatosha, usijisumbue kunieleza sababu. Msimamizi mwenza wa mradi ule naye ananifahamu, na nafasi ya kumwomba ninayo. Naomba nijue kufikia Ijumaa, 14 Novemba. Kama nitakuwa sijapata neno hadi siku hiyo, nitaelewa kuwa ratiba imebana na nitamwendea yeye, na heshima yangu kwako iko pale pale.

Ukikubali, nitakutumia siku hiyo hiyo ukurasa mmoja wenye kila kitu unachohitaji.”

Si fupi, lakini inasomwa kwa dakika mbili, na kila sentensi inajibu swali ambalo mhadhiri angeliuliza. Tazama aya ya mwanzo. Jina peke yake lisingenifikisha popote, na hata jina pamoja na mwaka lisingetosha. Ubao uliosombwa na mvua ndio ulionirudishia kisa chote, kwa sababu ni jambo lililowahi kujadiliwa mezani kwangu. Mwombaji atafute kitu cha namna hiyo: swali aliloliuliza darasani likazua ubishi, safari ya mafunzo ambayo gari lilikwama, sura ya andiko iliyorudishwa kwa wino mwekundu. Si lazima kiwe cha kumsifu. Kinachotakiwa ni kile mwalimu atakachokitambua.

Sentensi inayosema barua yangu izungumzie utafiti inaonekana ndogo, lakini inaokoa mengi. Kamati inayosoma barua tatu zinazosema kitu kile kile, kwamba kijana ana bidii na nidhamu, imesoma barua moja mara tatu. Ninapojua kwamba msimamizi wa kazini anaeleza uwezo wake wa kuongoza mafundi na mwalimu wa hisabati anaeleza hesabu, mimi ninabaki mtoni na takwimu zangu, ninaandika kwa kina na sigusi nisichokijua.

Kuhusu tarehe, makosa hutokea pale mtu anapodhani “saa sita usiku wa tarehe 15” ina maana moja. Mdhamini mmoja ataelewa ni usiku wa kuamkia tarehe 15, mwingine ule wa kuamkia tarehe 16. Ongeza tofauti ya saa na mambo yanavurugika zaidi. Mashariki ya Marekani, majira ya baridi, iko nyuma yetu kwa saa nane. Ujerumani na Uholanzi ziko nyuma kwa saa mbili katika majira hayo. Kwa hiyo 23:59 ya Berlini ni saa nane kasoro dakika moja usiku kwetu, wakati 23:59 ya Boston imekwisha kuwa asubuhi na watu wamekunywa chai. Mwombaji apige hesabu hiyo mwenyewe, aandike kwa saa za Kiswahili na tarehe ya hapa, mdhamini asibaki na la kufasiri.

Wapo wanaomdanganya mdhamini tarehe ili awahi. Wanamwambia mwisho ni tarehe 1 wakati ni tarehe 15. Sishauri. Barua pepe inayotumwa na mfumo wa chuo mara nyingi huitaja tarehe halisi, na siku mdhamini atakapoiona atajua aliendeshwa kama mtoto. Tarehe mbili zilizo wazi, ile ya chuo na ile unayoiomba wewe, zinafanya kazi hiyo hiyo bila uongo. Ile ya pili ipewe sababu inayoeleweka. Hapa sababu ni sikukuu ya tarehe 9 Desemba, na wiki moja ya akiba kama mtandao utasumbua.

Sasa niseme kuhusu kukataa, maana hapo ndipo nina ugomvi na desturi zetu. Mwalimu wa Kitanzania hasemi hapana kwa mwanafunzi wake kirahisi. Mtoto amekuja na shikamoo, amekuombea dua, anataka kwenda kusoma, wewe umkatalie? Hivyo anajibu “Sawa, mwanangu,” na “sawa” hiyo ndiyo inayowamaliza watu. Wakati mwingine maana yake ni nitaandika. Wakati mwingine maana yake ni nimesoma ujumbe wako. Mara nyingine maana yake ni sitaki kukuudhi leo. Mwombaji anaifurahia, anaacha kutafuta mtu mwingine, na tarehe 14 Desemba anagundua kwamba hakuna kilichoandikwa.

Mbaya kuliko barua isiyofika ni barua iliyofika bila roho. Mdhamini aliyeshindwa kukataa huandika mistari mitano: nilimfundisha, alihudhuria vipindi, alipata B+, sina tatizo naye, namtakia heri. Kwetu hapo hakuna ubaya wowote. Lakini msomaji wa kule amezoea barua za kurasa mbili zilizojaa mifano, na ukimya wa namna hiyo anausoma kama onyo. Atasema huyu mwalimu alikuwa na jambo, akaona asiliandike. Mwombaji hatajua kamwe, kwa kuwa barua hizi ni za siri.

Ndiyo maana swali la ombi haliishii kwenye “Naomba uniandikie barua.” Linauliza kama mtu anaifahamu kazi kiasi cha kuandika barua yenye uzito. Swali hilo linampa mwalimu njia ya kutoka ambayo haimdhalilishi yeyote: anaweza kujibu kwamba angependa, ila msimamizi mwenza aliuona mradi kwa karibu zaidi. Hajasema wewe ni dhaifu wala kwamba hana muda na watoto wa watu. Ametoa ushauri, na ushauri ni jambo ambalo mwalimu hulitoa bila aibu.

Kifungu cha kunyamaza kina kazi kubwa zaidi, na ndicho watu wanachokiogopa. Baadhi ya wenzangu wa umri mkubwa wanaona ni utovu wa adabu kumwandikia mkubwa kwamba usipojibu nitamwendea mwingine. Nawaelewa. Ukiandika “Usipojibu kufikia Ijumaa nitatafuta mtu mwingine,” ni kitisho, na mimi mwenyewe ningeona hivyo. Lakini ukisema utaelewa kuwa ratiba imebana, na heshima iko pale pale, umemwambia kwamba ukimya wake umeshapewa tafsiri njema tangu mwanzo. Hahitaji kutunga udhuru wala kukwepa simu zako. Katika mazingira ambamo watu hukataa kwa kunyamaza, ni afadhali ukimya huo uwe na tarehe kuliko kuuacha ukae mwezi mzima ukiwa na maana ya labda.

Ila ukimya unaweza pia kutokana na barua kutosomwa. Wahadhiri wengine hufungua barua pepe ya chuo mara moja kwa wiki, na wengine seva ya chuo ikilala nao hulala nayo. Kwa hiyo siku ya kutuma, ujumbe mfupi wa WhatsApp unafaa: “Shikamoo Dokta, leo nimekutumia barua pepe yenye kichwa kinachoanza na ‘Ombi la barua ya mapendekezo’. Hakuna haraka ya kujibu hapa.” Ujumbe huo ni wa kuelekeza tu. Maelezo yenyewe yakae kwenye barua pepe, ambako hayatazama chini ya picha za vikao vya harusi.

Mwombaji ajifunze pia kusoma majibu. “Nimekubali, nitumie maelezo” ni ndiyo. “Tuone,” “Nikumbushe karibu na tarehe,” na “Mwaka huu nina mambo mengi lakini tutajitahidi” si ndiyo. Mimi ningeyahesabu kama hapana ya upole na kujibu hivi: “Asante sana Dokta, nimeelewa una mambo mengi. Basi kwa mwaka huu nitamwomba msimamizi mwenza, nisikuongezee kazi.” Kama alikuwa na nia kweli, hapo ndipo atakapokwambia hapana, lete nitaandika. Kama hakuwa nayo, utasikia ametua mzigo.

Kuna jibu jingine ambalo kila aliyesoma vyuo vyetu analijua: “Andika mwenyewe, niletee nisaini.” Limezoeleka kiasi kwamba wengine huja na barua tayari mfukoni. Tatizo lake si la maadili peke yake, ingawa vyuo vingi hueleza wazi kwamba barua iandikwe na mdhamini mwenyewe. Mtu akijiandikia barua tatu, zote zitakuwa na sauti yake. Zitaanza kwa kifungu kile kile, zitarudia kivumishi kile kile, na huenda makosa ya Kiingereza yakawa yale yale kwa profesa na kwa meneja. Msomaji anayepitia mafaili mengi kwa siku anayanusa haya mapema. Tena mtu anayejisifu mwenyewe huandika sifa za jumla, kwa kuwa anaona haya kuingia kwenye undani. Jibu zuri ni kumtumia mhadhiri ukurasa wa maelezo na kumwambia: “Nimekuandalia kumbukumbu zote, uchague utakazoona zinafaa.” Wengi hukubali, maana walichokikimbia ni kutafuta kumbukumbu, kuandika hakuwashindi. Asipokubali hata hapo, mwendee mwingine.

Ukurasa huo ndio barua ya pili. Huanza na mambo ya fomu, kwa sababu mifumo mingi ya vyuo vya Marekani haipokei barua tu. Kabla ya kuipakia, mdhamini huulizwa amemfahamu mwombaji kwa muda gani, kwa cheo gani, na akimlinganisha na wanafunzi wengine aliowafundisha anamweka wapi: katika asilimia 5 ya juu, 10, 25 au chini ya hapo. Mwombaji asinichagulie kisanduku. Anipe vya kunisaidia kuchagua: alisoma kozi gani, muhula gani, alipata alama gani, darasa lilikuwa na watu wangapi kama anakumbuka. Orodha ya matokeo ninayo ofisini, nitahakikisha mwenyewe.

Hapo hapo aandike kiwango cha alama. Vyuo vyetu hutumia GPA ya hadi 5.0, wakati Marekani ni 4.0, na anayesoma 3.9 bila maelezo anaweza kudhani kijana amekaribia kikomo, au mwenzake akadhani kinyume chake kabisa. Kwetu daraja la kwanza huanzia 4.4, na daraja la pili la juu ni kati ya 3.5 na 4.3. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, A huanzia alama 70, kiwango ambacho mgeni aliyezoea A ya 90 hawezi kukijua. Mdhamini akiliweka hilo katika sentensi moja ya barua yake, 3.9 inasimama mahali pake: daraja la pili la juu, lililo imara. Ni sentensi ambayo mwombaji hawezi kuisema mwenyewe bila kuonekana anajitetea.

Baada ya hapo yanakuja matukio, mawili au matatu, na hapa ndipo ningetaka mwombaji akae muda mrefu kuliko kwingine. Wengi hunitumia hivi: “Mimi ni mchapakazi, mbunifu, ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo.” Siwezi kuyaandika hayo, maana sina ushahidi nayo. Mwanafunzi wa Msimbazi, kwa maelezo yaliyosukwa upya, angeandika hivi:

“Aprili 2021 mafuriko yalisomba ubao wa kupimia kina cha maji niliokuwa nimeufunga kwenye nguzo. Nilifunga mwingine baada ya siku mbili nikaendelea kusoma asubuhi na jioni. Nilipokuletea sura ya tatu ulizungushia wino mahali ambapo kina kilionekana kupanda ghafla kwa sentimita 18 siku ambayo mvua haikunyesha. Sikuwa nimeunganisha sifuri ya ubao mpya na ile ya ubao wa zamani. Nilirudi na mashine ya levo, nikapima ubao mpya na alama ya ule wa zamani kutoka kwenye kituo kimoja cha saruji, nikapata tofauti na kusahihisha takwimu zote za baada ya mafuriko. Maelezo ya marekebisho hayo yako kwenye kiambatisho cha pili cha andiko.”

Ndani ya maneno hayo yapo makosa ya mwanafunzi, na ndiyo maana yana thamani. Mwanahaidrolojia yeyote duniani anajua balaa la sifuri ya ubao kuhama, na anajua kwamba vijana wengi wangeuficha ule mruko wa sentimita 18 kwa kuuchora kama mvua ya juu ya bonde. Mimi nikisimulia kwamba huyu alirudi mtoni, sihitaji kuandika neno uaminifu wala neno bidii. Mwombaji asiogope kunikumbusha nilipomrudisha. Anipe tukio, mwezi, kilichoharibika, alichokifanya, na mahali ushahidi ulipo. Kivumishi nitatafuta mwenyewe.

Mwisho wa ukurasa ni mambo ya mfumo, na haya nayapita haraka ingawa ndiyo yanayoangusha maombi mengi. Vyuo vingi hupendelea anwani ya kazi ya mdhamini, si ya Gmail, kwa hiyo mwombaji aulize ni ipi inayofunguka kila siku kati ya zile za chuo. Barua yenye kiungo hutoka kwenye anwani isiyojibiwa na mara nyingi huangukia kwenye barua taka, hivyo mwombaji ataje jina la mtumaji na siku itakapotumwa. Mifumo mingine huituma mara tu jina la mdhamini linapojazwa. Mingine husubiri hadi maombi yawasilishwe na ada ilipwe. Anayelipa ada tarehe 14 Desemba katika mfumo wa aina ya pili amempa mdhamini wake siku moja, hata kama alimwomba tangu Agosti. Katika ukurasa wa maombi yako huonyeshwa kama barua imepokelewa au bado. Hapo ndipo pa kuangalia kabla ya kumpigia mzee simu.

Fomu ya Marekani itamuuliza mwombaji pia kama anaachia haki yake ya kuisoma barua hiyo baadaye. Haki hiyo inatokana na sheria yao ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi. Wengi wetu hushtuka tukidhani ni mtego. Kuiachia ndilo jambo la kawaida, kwa kuwa barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma hupewa uzito mdogo na wasomaji wake. Ukiachia, nijulishe, nitaandika kwa uhuru zaidi.

Kukubali kwa mdhamini tarehe 14 Novemba hakumaanishi kwamba tarehe 1 Desemba bado anaweza. Watu huugua, hupewa majukumu, huitwa safarini. Ukumbusho wa kwanza kwa hiyo usiwe wa “Dokta, naomba usinisahau.” Uwe hivi: “Shikamoo Dokta. Kiungo kilitumwa tarehe 17 Novemba. Ombi letu ni Jumatatu ijayo, tarehe 8. Kama mambo yamebadilika upande wako, leo bado nina muda wa kumwomba msimamizi mwenza, na nitaelewa.” Mlango ule ule umefunguliwa mara ya pili, safari hii ukiwa na tarehe ya mwisho ya kuutumia. Ukumbusho wa tarehe 8 haufungui mlango tena. Unauliza tu kama mfumo umempa shida yoyote, kwa sababu kufikia hapo shida ya kweli huwa ni nenosiri au umeme.

Si kila ombi linafuata mwendo huu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaka mwombaji aorodheshe wadhamini watatu wa kuaminika pamoja na anwani zao. Watu hujaza majina bila kuuliza, kisha mwalimu anapigiwa simu na mtu asiyemjua kuhusu mtu asiyemkumbuka. Hapo barua ya kwanza ikikatwa nusu inatosha: mimi ni nani, nimeomba kazi gani, naomba kuandika jina lako, ukiona hapana niambie. Ufadhili wa Chevening nao una mwendo wake, maana barua huhitajika kwa wale waliofikia hatua ya usaili. Ombi la mwanzo liseme hivyo, ili mdhamini ajue huenda asiandike chochote, na kama ataandika itakuwa miezi kadhaa baadaye.

Aliye na vyuo vitano asitume maombi matano kwa wiki tano. Atume orodha moja iliyopangwa kwa tarehe, yenye chuo, siku ya mwisho kwa saa zetu, na njia ya kupeleka barua. Mlango wa kukataa hapa unaweza kufunguliwa nusu: “Kama vitano ni vingi, vile viwili vya kwanza ndivyo vinavyohitaji sauti yako zaidi, vitatu vilivyobaki naweza kumwomba mwingine.” Mara nyingi nikiulizwa hivyo huandika vyote vitano, kwa sababu baada ya barua ya kwanza zilizobaki ni kubadilisha jina la chuo na aya moja. Na pale ninapochagua viwili tu, mwombaji anajua mwanzoni mwa Novemba kwamba ana vitatu vya kutafutia mtu.